Kwa nini mafuta yanataka bomba refu kuliko maji: umbali wa kuingilia na matundu ya presha

*"Shikamoo mhandisi. Nina bomba laini lenye kipenyo cha milimita 20 na urefu wa mita 2, linaanzia kwenye tangi na mdomo wake umeviringwa vizuri. Tundu la kwanza la presha nimelitoboa mita 0.2 kutoka mdomoni, yaani kipenyo mara 10 kama tulivyofundishwa, na la pili mita 1.2. Maji kwa namba ya Reynolds 20,000 yamenipa kigezo cha msuguano 0.027, sawa na nadharia. Nikapitisha mafuta mepesi kwa namba ya Reynolds 2,000, nikitegemea 0.032, nikapata karibu 0.040. Mtiririko wa vurugu unakubali, ule mtulivu unakataa! Tatizo liko wapi?"*

Marahaba. Bomba lako ni zima na vipimo vyako navyaamini. Kilichokuangusha ni ile kanuni ya kipenyo mara 10. Hiyo ni kanuni ya mtiririko wa vurugu, na hata huko ni ya juujuu. Mafuta yako yanahitaji mita 2.4 ndipo mtiririko ukomae, na bomba lote lina mita 2. Matundu yote mawili yamekaa mahali ambapo umbo la kasi bado linajengwa, kwa hiyo presha uliyosoma si ya msuguano peke yake.

Nianze na jambo moja ambalo hukulitaja. Mafuta yenye mnato mara kumi ya maji, ukiyapitisha kwenye bomba la milimita 20 kwa namba ya Reynolds 2,000, yanakwenda mita 1 kwa sekunde. Maji kwa namba ya Reynolds 20,000 nayo yanakwenda mita 1 kwa sekunde. Bomba ni lilelile na kasi ni ileile, kwa hiyo tofauti yote uliyoiona imetokana na namna ukuta unavyopeleka habari zake hadi katikati ya bomba.

Chukua mafuta kwanza. Yanapotoka tangini na kuingia kwenye mdomo ulioviringwa, karibu yote yanakuwa na kasi moja, iwe pembeni au katikati. Lakini mafuta yanayogusa ukuta hayasogei kabisa. Ukuta unayazuia, yale yaliyo jirani nayo yanazuiwa na hayo, na kizuizi hicho kinasambaa kuelekea katikati kupitia mnato, tabaka kwa tabaka. Sehemu iliyokwisha kuguswa na kizuizi ndiyo tunayoiita tabaka la mpaka, na iliyobaki katikati ni kiini ambacho hakijajua kwamba kuna ukuta. Kadiri unavyoshuka na bomba, tabaka linanenepa na kiini kinakonda. Na kwa kuwa ujazo unaopita ni uleule, yanayopungua kasi pembeni lazima yalipwe katikati: kiini kinakaza mwendo kuanzia mita 1 kwa sekunde kuelekea mita 2. Mtiririko ukishakomaa, umbo la kasi ni parabola, na kasi ya katikati ni mara mbili ya wastani.

Sasa, mnato ni mjumbe mpole. Muda wa kusambaza kizuizi kutoka ukutani hadi katikati unalingana na mraba wa nusukipenyo ukigawanywa kwa mnato kinematiki, yaani mnato uliogawanywa kwa densiti. Kwako nusukipenyo ni milimita 10 na mnato kinematiki ni mita za mraba 0.00001 kwa sekunde, kwa hiyo muda huo ni sekunde 10. Hesabu kamili inaonyesha kwamba takriban robo yake inatosha, maana huhitaji kusubiri mpaka kila mabaki yaishe. Ndani ya robo hiyo mafuta yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yamekwisha kusafiri karibu mita 2.4. Ukiiandika kwa jumla, unapata kanuni inayotumika kwa mtiririko wa tabaka, yaani ule mtulivu:

```
L/D = 0.06 · Re
```

L ni umbali wa kuingilia, D ni kipenyo, Re ni namba ya Reynolds. Kwa Re ya 2,000 inatoka kipenyo mara 120, na kwa milimita 20 hiyo ni mita 2.4. Utakutana na vitabu vinavyoandika 0.05 au 0.057 badala ya 0.06, wala usisumbuke. Umbo la kasi hulikaribia lile la mwisho polepole bila kulifikia kabisa, kwa hiyo kila mtu huchagua mahali pa kusema "hapa pametosha". Kwa kawaida ni pale kasi ya katikati inapofika asilimia 99 ya ile ya mwisho. Na kama siku moja utafanya kazi na mtiririko wa polepole mno, wenye Re iliyo chini ya 1, jua kwamba kanuni hii inaelekea sifuri ilhali umbali halisi haushuki chini ya takriban kipenyo mara 0.6.

Ukiigeuza kanuni, utaona kipenyo mara 10 kinatosha kwa mtiririko wa tabaka pale tu Re isipozidi takriban 170. Wewe ulikuwa kwenye 2,000.

Kwa nini maji yalikubali? Kwa sababu katika mtiririko wa vurugu habari za ukuta hazisubiri mnato. Zinabebwa na mizunguko ya maji yenyewe, inayorukaruka kutoka pembeni kwenda katikati na kurudi. Kasi ya mizunguko hiyo tunaweza kuikadiria kwa kuchukua kigezo cha msuguano, kukigawa kwa 8, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kwa 0.027 unapata karibu 0.058, maana yake mizunguko inasogea kiupande kwa kama sehemu moja ya 17 ya kasi ya wastani. Basi wakati mzunguko unavuka nusukipenyo kimoja, maji yamesonga mbele nusukipenyo 17, yaani kipenyo mara 8 au 9. Mivuko michache ya namna hiyo inatosha kulijenga umbo zima. Na kwa kuwa kigezo cha msuguano hubadilika kidogo tu Re inapopanda, umbali wa kuingilia nao hauongezeki sana. Kanuni inayotumiwa mara nyingi ni hii:

```
L/D = 4.4 · Re^(1/6)
```

Kwa Re ya 20,000 inatoa kipenyo mara 23, yaani sentimita 46 kwenye bomba lako. Iko nyingine, 1.359 · Re^(1/4), inayotoa kipenyo mara 16 kwa Re hiyohiyo. Tofauti ya 16 na 23 isikushangaze. Nitaeleza huko mbele imetoka wapi. La kushika hapa ni kwamba kwa mtiririko wa tabaka umbali unakua sambamba na Re, lakini kwa mtiririko wa vurugu ukiizidisha Re mara kumi umbali haufiki hata mara mbili. Ndiyo maana bomba refu kuliko yote huhitajika na mtiririko wa tabaka ulio karibu na ukingo wa kugeuka, Re ya 2,000 hadi 2,300, na ndipo hasa ulipokwenda kupima.

Sasa tuitazame ile 0.040 yako kwa karibu, maana inajieleza yenyewe. Nachukulia densiti ya mafuta ni kilo 860 kwa mita ya ujazo. Nusu ya densiti ukiizidisha kwa mraba wa kasi unapata paskali 430. Tuiite hiyo presha ya mwendo. Kama mtiririko ungekuwa umekomaa, presha ingeshuka paskali 688 katika ile mita 1 iliyo kati ya matundu yako. Hiyo ndiyo 0.032.

Lakini eneo la kuingilia linatoza ziada, na ziada hiyo ina sehemu mbili. Kwanza, tabaka la mpaka likiwa bado jembamba, kasi inapanda ghafla sana karibu na ukuta, kwa hiyo ukuta unavuta kwa nguvu kuliko utakavyovuta baadaye. Pili, kiini kinakazwa mwendo, na hakuna kinachoweza kukikaza isipokuwa presha. Ukijumlisha kutoka mdomoni hadi mbali kabisa, ziada yote ni takriban presha ya mwendo mara 1.25. Kama 0.67 ni gharama ya kukaza mwendo wa kiini na kubadili umbo kuwa parabola, na 0.58 iliyobaki ni mvuto wa ziada wa ukuta.

Ziada hii hailipwi kwa usawa njiani. Nyingi inalipwa mapema. Kwa Re ya 2,000, hadi kufika tundu lako la kwanza kwenye kipenyo mara 10, kama 0.72 imekwisha kulipwa, na hiyo hukuiona kwa sababu iko nyuma ya tundu. Kati ya matundu mawili inalipwa kama 0.38. Iliyobaki, kama 0.15, inalipwa baada ya tundu la pili. Kwa hiyo kipimo chako kimebeba 0.38 mara 430, karibu paskali 165, juu ya zile 688. Jumla ni kama 853, na ukiirudisha kwenye kigezo cha msuguano inatoka 0.0397. Ndiyo 0.040 yako. Mafuta hayajakudanganya hata kidogo.

Usiniamini kwa hesabu tu. Lipime jambo hili mwenyewe kabla hujatoboa bomba lingine. Kosa kama hili lingeweza pia kutokana na mnato uliousoma vibaya au kipenyo kisicho sahihi. Kipenyo hasa ni cha kuogopwa: ukipima ujazo unaopita na ukakosea kipenyo kwa asilimia 5, kwenye mtiririko wa tabaka matokeo yanapotoka kwa zaidi ya asilimia 20, maana kipenyo kinaingia kwa kipeo cha nne. Lakini makosa hayo yana alama yao. Asilimia ya kosa inabaki ileile uendeshe mtiririko kwa kasi yoyote. Kosa la umbali wa kuingilia halina tabia hiyo. Linapungua ukipunguza kasi, kwa sababu umbali wenyewe unafupika.

Basi funga vali kidogo mpaka kasi ifike mita 0.5 kwa sekunde, Re ya 1,000, bila kugusa kitu kingine chochote. Kwa matundu yaleyale utategemea kosa la kama asilimia 8, si 24 tena. Punguza tena mpaka Re ya 500, na kosa linashuka hadi kama asilimia 2. Ukiona mfuatano wa 24, 8, 2, umempata mhalifu. Ukiona 24, 24, 24, rudi kwenye kipenyo na mnato. Ukiona zinashuka kisha zinasimama mahali, tuseme asilimia 10, basi una makosa mawili kwa pamoja, na ile 10 ndiyo ya kipenyo au mnato. Kila unapobadilisha kasi, pima pia joto la mafuta kwenye tangi, kwa sababu mnato wa mafuta hubadilika haraka joto likipanda, na kipimo kilichofanywa asubuhi hakilinganishiki na cha mchana bila kusahihisha.

Kuna ushahidi wa pili ukiwa na subira ya kutoboa. Weka matundu manne au matano kwa nafasi sawa kwenye bomba lilelile na chora presha dhidi ya umbali. Mtiririko uliokomaa unachora mstari ulionyooka. Eneo la kuingilia linachora mkunjo unaoanza kwa mteremko mkali na kulegea kadiri unavyokwenda. Macho yatakuonyesha mahali mkunjo unapogeuka kuwa mstari. Mimi huliamini jaribio hili kuliko kanuni yoyote, kwa sababu linapima bomba lako na mdomo wako, wala si bomba la kufikirika lenye kasi moja kamili mdomoni.

Kuhusu kurekebisha, una njia kadhaa na zote hazina uzito sawa. Kurefusha bomba ndiyo ya wazi: mita 2.4 kabla ya tundu la kwanza, mita 1 ya kupimia, na kipande kidogo mwishoni ili kutoka kusiathiri tundu la pili. Unahitaji kama mita 3.5. Ukiwa na nafasi, fanya hivyo.

Ukiwa huna, unaweza kuhamisha matundu na kupunguza kasi. Weka la kwanza mita 0.8, yaani kipenyo mara 40, na la pili mita 1.8. Hapo unaruhusiwa kwenda hadi Re ya takriban 650. Ubaya wake ni kwamba presha inayoshuka nayo inapungua: kwa kasi ya mita 0.325 kwa sekunde utapata kama paskali 224, ambazo kwenye manometa ni milimita 26 za mafuta badala ya milimita 82. Kosa la milimita 1 la kusoma, ambalo lilikuwa dogo, sasa linakaribia asilimia 4.

Njia ninayoipenda kwa bomba lako ni kubadilisha mafuta. Tafuta yenye mnato mara nne ya haya. Kwa kasi ileile ya mita 1 kwa sekunde Re inashuka hadi 500, umbali wa kuingilia unakuwa sentimita 60 tu, na presha inayoshuka inaongezeka mara nne. Mtiririko unakomaa mapema na kipimo kinasomeka vizuri zaidi. Ni mara chache kwenye kazi hii unapata vyote viwili kwa mkupuo.

Wapo wanaopendekeza kuacha bomba kama lilivyo na kusahihisha kwa hesabu, kwa kupima kutoka tangini hadi tundu la chini na kutoa ziada inayojulikana:

```
Δp = (ρU²/2) · (64·L/(D·Re) + 2.25)
```

Ile 2.25 ni 1 ya kuyatoa mafuta kwenye utulivu wa tangi hadi kasi ya wastani, ukijumlisha 1.25 ya eneo la kuingilia. Δp ni presha inayoshuka, ρ ni densiti, U ni kasi ya wastani, na L hapa ni urefu kutoka mdomoni hadi tundu. Hesabu hii ni halali kwa masharti mawili: mdomo uwe umeviringwa vizuri, na tundu la chini liwe limeshavuka umbali wa kuingilia. Kwako tundu la pili liko kipenyo mara 60 wakati unahitaji 120, kwa hiyo kwa Re ya 2,000 hairuhusiwi. Kwa Re ya 1,000 inaanza kukubalika.

Nirudi kwenye maji, kwa sababu sitaki uondoke ukidhani kipenyo mara 10 ni salama daima kwa mtiririko wa vurugu. Kigezo chako cha msuguano kilitoka vizuri kwa kuwa msuguano wa ukutani ndio unaotulia wa kwanza. Baada ya kipenyo mara 10 au 15 mteremko wa presha unakuwa umekaribia sana ule wa mwisho. Umbo la kasi linachelewa zaidi. Vipimo vya Nikuradse, ambaye majaribio yake ya mabomba bado ni msingi wetu, vinaliweka kwenye kipenyo mara 25 hadi 40. Na ile misukosuko midogo ya kasi inayopimwa kwa waya wa moto huchelewa kuliko vyote, ikipita mara 40 kwa mbali. Hii ndiyo sababu kanuni zinatofautiana: kila moja inajibu swali lake la "kimekomaa nini?" Ukitaka kupima msuguano, 16 au 23 zote zitakufaa. Ukitaka kupima umbo la kasi kwa mrija wa Pitot, nenda mara 40 au zaidi. Kasi ya katikati ya mtiririko wa vurugu ina tabia ya kupanda ikapitiliza kidogo thamani yake ya mwisho, halafu ikashuka. Ukipima kwenye kilele hicho unaweza kudhani umefika, kumbe bado.

Kuna mtego mwingine unaohusu ule mdomo wako ulioviringwa vizuri. Mdomo laini sana unaweza kuuacha mtiririko ukae katika hali ya tabaka hata Re ikiwa juu. Reynolds mwenyewe mwaka 1883, akitumia mdomo uliopanuka kama tarumbeta na tangi lililoachwa litulie, aliendelea kuuona uzi wa rangi ukiwa umenyooka hadi Re ya karibu 12,000. Maji yako kwa 20,000 yana uwezekano mkubwa wa kuanza na tabaka la mpaka lililo tulivu, kisha kugeuka vurugu mahali fulani njiani, na umbali wa kuingilia unahesabiwa kuanzia hapo, si kuanzia mdomoni. Mahali hapo panahama kila tangi linapotikiswa. Ukiona kipimo cha maji kinabadilikabadilika kati ya siku na siku kwa mpangilio uleule wa vali, gundisha pete nyembamba ya waya ndani ya bomba, karibu kabisa na mdomo. Itavunja utulivu mahali pamoja kila mara. Ila usisahau kuitoa kabla ya kurudisha mafuta.